Habari Isiyoandikwa: Vyombo vya Habari vya Tanzania na Kujidhibiti

Kujidhibiti katika uandishi wa habari ni uamuzi wa mwandishi, mhariri au mmiliki wa chombo kuiacha habari anayoijua na kuiamini, au kuipunguza makali, kwa kuhofia yatakayompata baada ya kuitoa. Hakuna amri iliyoandikwa wala afisa aliyesimama mlangoni na kalamu nyekundu. Habari huishia kwenye daftari, kwenye simu ya mhariri, au kwenye kikao cha asubuhi ambako mtu mmoja husema "hii tuiache kwanza" na wengine wakanyamaza.

Si kila kinachoachwa ni kujidhibiti. Gazeti lisilotaja jina la mtoto aliyebakwa, au linaloizuia tuhuma kwa sababu shahidi ni mmoja tu na hana ushahidi, linatimiza maadili ya kazi. Kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili ni swali la nani analindwa na ukimya huo. Maadili humlinda mtu dhaifu anayetajwa kwenye habari, au humlinda msomaji asipewe uongo. Kujidhibiti humlinda mwenye nguvu anayeandikwa, na kwa kupitia kwake humlinda anayeandika. Ugumu ni kwamba ndani ya chumba cha habari vyote viwili hutamkwa kwa maneno yaleyale: habari haijaiva, inahitaji upande wa pili, isubiri. Mhariri mwenyewe anaweza asijue siku ipi alikuwa makini na siku ipi aliogopa.

Tanzania inafaa kuchunguzwa katika suala hili kwa sababu katika muda wa miaka isiyozidi 10 imepita katika hali kadhaa tofauti: sheria ya zamani, sheria mpya iliyokuwa kali zaidi, utawala uliozitumia sheria hizo bila kusita, kisha kipindi cha kulegeza. Mtu anayefuatilia kipindi hicho anaweza kuona hofu inavyojengeka, na kwa nini haiondoki siku sheria inapolegezwa.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na kutafuta, kupokea na kutoa habari. Chini yake, kwa miaka 40, ilikaa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti akiona kwamba kufanya hivyo ni kwa manufaa ya umma au kwa ajili ya amani. Waziri hakulazimika kwenda mahakamani kwanza. Mwaka 2012 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Mwaka uliofuata Mwananchi lilisimamishwa kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilipokuja, wengi walitarajia mamlaka hayo yaondoke. Badala yake magazeti yaliyokuwa yakisajiliwa mara moja yalitakiwa kuomba leseni, tena leseni ya kuhuishwa kila mwaka, kutoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Habari, ambaye ni mtumishi wa serikali na mara nyingi ndiye msemaji wake mkuu. Kutangaza habari za uongo kukawekewa faini ya kuanzia shilingi milioni 5 hadi milioni 20, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote pamoja. Kosa la uchochezi likabaki, likiwa na tafsiri pana kiasi kwamba makala ya kuikosoa serikali kwa lugha kali inaweza kuingia ndani yake kama mwendesha mashtaka atataka iingie.

Upana huo ndio unaofanya kazi. Sheria inayosema wazi kwamba jambo fulani ni marufuku humwachia mwandishi uwanja mzima uliobaki. Anajua mpaka ulipo na anaweza kuandika hadi pale unapoishia. Sheria inayozungumzia "uchochezi" au "maslahi ya umma" bila kueleza haionyeshi mpaka, hivyo mwandishi mwenye busara huuweka mpaka wake mwenyewe, na huuweka mbali kidogo na pale anapodhani ndipo. Mwenzake anayemtazama huuweka mbali zaidi. Kwa njia hiyo sheria inayotumika mara chache huzuia habari nyingi kuliko kesi zinazofunguliwa. Ndiyo sababu kuhesabu waandishi waliofungwa hakutoshi kupima uhuru wa habari. Nchi ambayo haina mwandishi hata mmoja gerezani yaweza kuwa ile ambayo hakuna tena anayethubutu kuandika cha kumfikisha huko.

Kesi ya gazeti la Mseto inaonyesha hesabu hiyo kwa ukamilifu. Mseto lilikuwa gazeti la kila wiki lililochapishwa na kampuni ya Hali Halisi. Mwanzoni mwa Agosti 2016 lilichapa habari iliyomtuhumu naibu waziri mmoja kuhusika na rushwa iliyohusishwa na fedha za kampeni za uchaguzi wa mwaka 2015. Siku chache baadaye waziri aliyekuwa na dhamana ya habari, Nape Nnauye, alitangaza kulifungia kwa miezi 36, akitumia sheria ya mwaka 1976 iliyokuwa inakaribia kufutwa. Wachapishaji hawakwenda mahakama za ndani. Walikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, wakidai kuwa amri ile inakiuka Mkataba wa Jumuiya, ambao nchi wanachama zimeahidi ndani yake kuheshimu utawala bora na haki za binadamu.

Tarehe 21 Juni 2018 mahakama hiyo iliwapa ushindi. Ilisema kwamba waziri hakuonyesha jinsi habari ile ilivyohatarisha amani au maslahi ya umma, na kwamba maoni yake pekee hayatoshi kuliondoa gazeti sokoni. Ikaamuru zuio liondolewe. Kisheria, ushindi haungeweza kuwa wazi zaidi ya hapo. Lakini hukumu ilikuja baada ya karibu miezi 22. Ilipotoka gazeti halikurudi mitaani. Miezi 36 ya adhabu yenyewe ikaisha Agosti 2019, na bado halikurudi. Lilipata leseni Februari 2022, pamoja na Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima, na aliyetangaza kuzirudisha alikuwa Nape Nnauye yuleyule, akiwa amerejea katika wizara hiyo chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Adhabu ya miaka 3 ikawa ya miaka 5 na nusu, na kilichoimaliza ni mabadiliko ya upepo wa siasa. Hukumu ya mahakama ilikuwa kabatini muda wote huo.

Mhariri yeyote wa Dar es Salaam aliyeifuatilia kesi hiyo alijifunza jambo ambalo hakuna semina ya sheria ingeweza kulifuta: kushinda hakusaidii. Gazeti haliwezi kukaa miezi 22 bila kuuza nakala wala tangazo. Waandishi huhama, mawakala husahau, kiwanda hutafuta mteja mwingine, kodi ya ofisi huendelea kudaiwa. Mizania anayoiweka mhariri mezani haihusu tena kama habari ni ya kweli na inaweza kutetewa. Inahusu kama chombo kinaweza kuishi katika kipindi kati ya adhabu na haki. Kwa chombo kidogo jibu ni kwamba hakiwezi, na kwa hiyo ukweli wa habari hupoteza thamani yake kama kinga. Hapo ndipo kujidhibiti kunapozaliwa kama hesabu ya kawaida kabisa ya biashara, hata kwa mtu jasiri.

Mwaka 2017 ulikazia somo hilo. Juni, Mawio lilifungiwa kwa miezi 24 baada ya kuwahusisha marais wastaafu Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete na mikataba ya madini, mjadala ambao ulikuwa midomoni mwa nchi nzima wakati huo. Septemba ikaja zamu ya MwanaHalisi, miezi 24 tena, na Raia Mwema, siku 90. Oktoba, Tanzania Daima likapewa siku 90 kwa habari yenye takwimu isiyo sahihi kuhusu watumiaji wa dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kosa lilikuwepo kweli. Katika mazingira ya kawaida kosa la takwimu husahihishwa kesho yake, ukurasa uleule, pamoja na kuomba radhi. Adhabu inapokuwa ileile kwa kosa la bahati mbaya na kwa habari ya uchunguzi iliyowaudhi wakubwa, mhariri hawezi kujikinga kwa kuwa makini zaidi. Anaweza kujikinga tu kwa kuziepuka mada zenyewe: afya, madini, deni la taifa, thamani ya sarafu. Mwishoni mwa Februari 2019 gazeti la The Citizen lilisimamishwa kwa siku 7 kutokana na habari kuhusu kushuka kwa shilingi dhidi ya dola. Siku 7 ni adhabu ndogo ukiilinganisha na miezi 24, lakini kwa gazeti la kila siku ni matoleo 7 yasiyochapwa na matangazo yaliyokwishalipiwa yanayopaswa kurejeshwa. Na ujumbe ulikuwa kwamba hata habari za uchumi, zilizodhaniwa kuwa uwanja salama, zina mlinzi.

Adhabu hizi zina sifa nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Humwangukia kila mtu. Aliyeandika ni mmoja, lakini likifungwa gazeti anakosa mshahara msanifu wa kurasa, dereva, mhasibu, mwandishi wa michezo ambaye hajawahi kuandika neno la siasa. Matokeo yake ni kwamba ulinzi unahamia ndani. Mwandishi mwenzake humwambia kwa nia njema kabisa: utatufungia gazeti. Serikali haihitaji tena kusoma nakala kabla ya kuchapwa, kwa sababu wapo watu 40 ofisini wenye sababu ya kuisoma kwa macho hayo.

Shinikizo la kisiasa hupitia njia fupi kuliko sheria. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia katika studio za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha, kuhusiana na kipindi ambacho hakikurushwa. Waziri Nape Nnauye, yuleyule aliyekuwa amelifungia Mseto miezi 7 kabla, safari hii aliunda kamati ya uchunguzi na kuipokea taarifa yake hadharani. Siku iliyofuata, tarehe 23 Machi, aliondolewa katika baraza la mawaziri. Rais John Magufuli, akimwapisha mrithi wake, aliwaonya wamiliki wa vyombo vya habari kwamba uhuru wanaodhani wanao haufiki huko. Kwa watu wa habari tukio hilo lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba hata waziri hawezi kuwatetea. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: maneno ya rais yalielekezwa kwa wamiliki. Mmiliki ana maghala, mashamba, viwanda, zabuni na mafaili ya kodi. Mwandishi anaweza kukubali hatari yake mwenyewe, lakini hawezi kumkubalia mmiliki hatari ya biashara zake nyingine zote.

Kuanzia hapo simu huwa inatosha. Afisa habari wa wizara humpigia mhariri, wanafahamiana tangu chuoni, na huuliza kwa upole kama ile habari ya kesho lazima itoke ukurasa wa kwanza. Hakuna tishio. Habari huhamia ukurasa wa 5, kichwa chake kinapoozwa, jina la waziri linakuwa "kiongozi mmoja". Baada ya mara 3 au 4 simu haipigwi tena, kwa kuwa mhariri anajua swali litakuwa nini. Mwandishi wake naye anajua habari za aina gani huishia ukurasa wa 5, na huacha kuzitafuta. Ngazi hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haiachi hata rasimu iliyokataliwa. Habari iliyouawa na mhariri ina mtu anayeikumbuka. Ile isiyotafutwa kabisa haina hata huyo.

Chini ya ngazi zote anakaa mwandishi wa kujitegemea wa wilayani, ambaye ndiye macho ya magazeti na redio nje ya Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Wengi wao hawana ajira ya kudumu wala bima. Hulipwa kwa kila habari inayotoka, na malipo hayo mara nyingi hayafidii nauli na vocha ya kuifuatilia. Anayemlipa nauli ya kwenda kuangalia zahanati ni ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, na anayempa posho siku ya semina ni shirika analopaswa kulichunguza. Pia anaishi katika mji ambamo mkuu wa wilaya, kamanda wa polisi na diwani wanaijua nyumba yake. Mhariri wa makao makuu hufunika jina lake kwa jengo la ghorofa na wakili wa kampuni. Yeye hana cha kujifunikia.

Tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyekuwa Kibiti, mkoani Pwani, alichukuliwa na watu waliokuja kwa gari, akatoweka. Alikuwa akiripoti wimbi la mauaji katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, ambako viongozi wa vijiji na askari waliuawa kwa miezi mingi. Hajaonekana hadi leo. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, katika mahojiano na BBC, alisema maneno yaliyoeleweka kuwa Azory amefariki, kisha akatoa ufafanuzi kwamba hakumaanisha kuthibitisha hivyo. Miaka 5 kabla ya Azory kutoweka, Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini mbele ya polisi, na askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Katika kesi ya Mwangosi kulikuwa na picha, mashahidi na hatimaye hukumu. Katika tukio la Azory hakuna chochote. Kwa mwandishi wa wilayani tukio lisilo na jibu linatisha kuliko lenye hukumu, kwa sababu hamwoni aliyefanya wala hajui ni sentensi ipi iliyosababisha. Mauaji ya Kibiti, mojawapo ya matukio makubwa ya usalama katika historia ya karibuni ya nchi, hadi leo hayana simulizi kamili iliyoandikwa na vyombo vya ndani.

Shinikizo la uchumi halipigi kelele, na pengine ndilo lenye nguvu kuliko yote. Gazeti la Kiswahili linalouzwa kwa bei ndogo haliwezi kulipa karatasi, wino na usafirishaji kwa mauzo ya nakala peke yake. Linaishi kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa kuliko wote ni serikali na taasisi zake: zabuni, nafasi za kazi, hesabu zilizokaguliwa za mashirika ya umma, salamu za siku za kitaifa. Sheria ya mwaka 2016 iliuweka uratibu wa matangazo hayo mikononi mwa Idara ya Habari, ofisi ileile inayotoa leseni. Baada ya serikali huja kampuni za simu, benki na watengenezaji wa bia. Hao hawatishi mtu kwa sheria, lakini ni wachache kiasi kwamba akiondoka mmoja pengo lake huonekana kwenye mishahara ya mwezi huohuo. Tangazo linapoondolewa hakuna barua ya kueleza sababu. Bajeti imebadilika, basi. Mhariri hawezi kulipeleka jambo hilo mahakamani Arusha wala kulipeleka Baraza la Habari, kwa kuwa hakuna amri ya kuipinga. Serikali pia hutangaza kwa mkopo na hulipa ikichelewa, na chombo kinachoidai serikali fedha nyingi kinaogopa kumkasirisha mdaiwa wake. Hali hiyo ya mdai kumnyenyekea mdaiwa ni mojawapo ya mambo yanayoumiza zaidi katika biashara hii.

Kenya inaonyesha kwamba njia hii ya fedha hufanya kazi hata pale ambapo sheria ni bora. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 33 na 34, inavilinda vyombo vya habari kwa maneno yaliyo wazi kuliko ya Tanzania. Mwaka 2015 serikali iliunda wakala mmoja wa kusimamia matangazo yake yote. Januari 2016 mhariri Denis Galava wa Daily Nation alisimamishwa kazi, kisha akafukuzwa, baada ya tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa Rais Uhuru Kenyatta. Kampuni ilisema taratibu za ndani hazikufuatwa. Mwaka huohuo mchora katuni Gado, Mtanzania aliyekuwa jicho kali la gazeti hilo kwa zaidi ya miaka 20, hakuongezewa mkataba. Machi 2018 waandishi 8 wa safu wa kampuni hiyohiyo walijiondoa kwa pamoja, wakilalamikia kuingiliwa kwa uhuru wa uhariri. Katika visa hivyo vyote hakuna leseni iliyofutwa, wala gazeti lililofungiwa. Mambo yalimalizwa na idara ya rasilimali watu.

Kwa kuwa kujidhibiti ni jambo la kutokuwepo, kulitambua kunahitaji kusoma kwa namna tofauti. Dalili moja ni chanzo. Katika chombo kinachojidhibiti, anayezungumza ni waziri, mkuu wa mkoa, kamanda, na jambo haliwi habari hadi mmoja wao alitamke. Dalili nyingine ni habari inayohusu Tanzania kusomwa kwanza katika BBC, DW au gazeti la Nairobi, kisha vyombo vya ndani kuichukua kwa kuwanukuu hao, kana kwamba tukio lilitokea ughaibuni. Dalili ya tatu ni kauli zisizo na mtendaji: mtu amekamatwa, amepigwa, ametekwa na watu wasiojulikana, na hakuna swali la pili linaloulizwa.

Dalili hizo zote zilionekana pamoja mwaka 2020. Serikali ilitangaza kwamba wagonjwa wa korona walikuwa 509 na waliofariki 21, kisha ikaacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka. Vyombo vya ndani vilikuwa tayari vimeonywa. Mapema Aprili Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imezitoza faini ya shilingi milioni 5 kila moja kampuni 3 za matangazo ya televisheni, na katikati ya mwezi ikasimamisha kwa miezi 6 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi pamoja na faini ya kiasi hichohicho, kwa picha ya rais akiwa kwenye umati. Sheria ya takwimu ilikuwa na makali yake, na kanuni za maudhui mtandaoni za Julai mwaka huo zilizuia habari za mlipuko wa magonjwa bila idhini ya mamlaka husika. Hivyo nambari 509 ikabaki palepale, na misiba ikaripotiwa kwa lugha ya changamoto ya kupumua. Waandishi walihudhuria mazishi ya jamaa na wenzao, wakarudi ofisini, na hawakuandika walichokijua. Huo ni ukimya uliogharimu, kwa sababu msomaji aliyekuwa anaamua kama aende sokoni au harusini alinyimwa habari ya kumsaidia kuamua.

Hata hivyo si sahihi kusema kwamba vyombo vya Tanzania vilinyamaza kabisa, hata katika miaka migumu. Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni, magazeti hujaa kwa wiki kadhaa habari za ndege zinazoendeshwa kwa hasara, mikataba mibovu na fedha zisizoonekana. Wahariri walewale wanaoizuia habari ya mwandishi wao kuhusu shirika fulani Februari huichapa Aprili, kwa herufi kubwa, kwa kuwa sasa anayesema ni dola yenyewe. Maneno yaliyotamkwa bungeni na kumbukumbu za mahakama hutumika vivyo hivyo. Athari ya kujidhibiti, basi, ni kukifanya chombo cha habari kiazime mdomo. Kinakosoa pale tu ambapo taasisi ya serikali imekosoa kwanza.

Ukiliona hilo, unaelewa kwa nini hatua ambazo hazikulenga vyombo vya habari moja kwa moja zilivibana kuliko zilivyoonekana. Januari 2016 serikali ilitangaza kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, aliingia katika mgogoro na Bunge kwa kauli yake kuhusu udhaifu wa chombo hicho, na Novemba mwaka huo hakuendelea na wadhifa wake. Midomo ya kuazima ilipungua, na ukurasa wa kwanza ukapungua nayo.

Tangu Rais Samia aliposhika madaraka Machi 2021 hali ya sheria imelegea. Leseni 4 zilirudishwa. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa kashfa katika makosa ya jinai, yakapunguza baadhi ya adhabu, na yakafuta kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Habari uratibu wa matangazo ya serikali. Mamlaka ya kutoa leseni na kuisimamisha yalibaki serikalini. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuwa imesema tangu tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba, na sehemu ya hukumu hiyo bado inasubiri kutekelezwa. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zilisimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video ya The Citizen iliyogusa suala la watu waliopotea na kuuawa. Kampuni iliiondoa video hiyo na kueleza kwamba imetafsiriwa tofauti na nia yake. Kwa mhariri aliyeanza kazi mwaka 2015, tukio hilo moja lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za miaka 3 kuhusu ukurasa mpya, kwa sababu lilimthibitishia kwamba mpaka bado haujachorwa na anayeushika ni yuleyule.

Kinachoweza kubadili hesabu ya mhariri kinajulikana, na si kingi. Adhabu ya kusimamisha chombo ingetolewa na mahakama baada ya kusikiliza, hivyo gazeti liendelee kuchapwa wakati kesi inaendelea, na muda kati ya adhabu na haki, ule ulioliumiza Mseto, ungefutika. Usajili ungekuwa wa mara moja badala ya leseni ya kila mwaka. Matangazo ya umma yangegawiwa kwa idadi ya wasomaji iliyokaguliwa na kulipwa kwa wakati. Na mwandishi wa wilayani angekuwa na mkataba, mshahara na wakili. Katika haya manne, matatu ya kwanza yako mikononi mwa serikali na Bunge. La nne liko mikononi mwa kampuni za habari zenyewe, na hakuna sheria inayozizuia kulitekeleza.